Mtoto wa miaka mitatu: nimwamshe usiku akojoe, au nimwache?

#1 MamaNasra
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka 3 na miezi 4. Mchana hana shida kabisa, akibanwa anasema "kojo" na kukimbilia poti mwenyewe. Tabu ni usiku. Namlaza na pampasi, asubuhi imejaa hadi inaning'inia. Mama mkwe yuko kwetu tangu Pasaka, na yeye anasema pampasi ndiyo inamlemaza. Nimvue, kisha nimwamshe saa tano na saa kumi, kama alivyofanya kwa watoto wake sita.

Nimemfuata. Saa tano namnyanyua, anakojoa kichwa kikiwa begani kwangu, macho yamefumba, hata hajui yuko wapi. Saa kumi mara nyingi namkuta ameshaloa. Baba yake anasema nimwache, wakati wake utafika. Mimi natoka nyumbani kabla jua halijachomoza na usingizi wenyewe sina. Ninachotaka kujua ni kimoja: huku kumwamsha kunamfundisha kitu, au ninaokoa godoro tu?

#2 KakaWaKimara
Mwamshe. Mtoto akitimiza miaka mitatu anatakiwa awe mkavu usiku na mchana, akipitisha hapo ujue kibofu kimelegea. Msikilize mama mkwe, hao ndio waliotulea.

#3 BintiTanga
Pole dada. Mimi wangu nilimvua pampasi nikamwacha na kaptula tu, kila baada ya muda namkalisha kwenye poti, akifanikiwa tunapiga makofi. Wiki mbili akawa ameelewa. Usikate tamaa.

#4 MamaNasra
@BintiTanga ahsante, ila mchana tumeshavuka. Nauliza usiku, akiwa amelala.

#5 NesiWaZamani
Nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi, niruhusuni niseme kidogo.

@KakaWaKimara, la miaka mitatu si kweli. Watoto wengi wa umri huo bado wanaloa usiku, na wala hatuhesabu kuwa ni tatizo la kutibu hadi mtoto afike miaka 5. Na hata akiwa na miaka 5, karibu mmoja kati ya sita bado anakojoa kitandani. Kibofu hakijalegea.

Mchana ni somo, mtoto anajifunza. Usiku ni mwili kukomaa. Mambo mawili yanatakiwa yafike. La kwanza, ubongo umwage homoni ya usiku inayoziambia figo zipunguze kutengeneza mkojo. La pili, kibofu kikijaa, ubongo uliolala usikie, ama ukibane au umwamshe mwenye nacho. Hayo hayafundishwi kwa makofi wala kwa fimbo.

Sasa kwenye swali lako. Ukimnyanyua akiwa amelala na akakojoa macho yamefumba, saa umechagua wewe, kibofu chake hakikusema neno. Tena umempa mazoezi ya kukojoa usingizini, jambo lile lile tunalotaka aliache. Godoro litapona, ila usitegemee kwamba atakauka mapema kwa sababu hiyo. Ukiamua kumwamsha, amka naye kweli: ashuke mwenyewe kitandani, atembee, aseme yuko wapi na anafanya nini. Iwe mara moja tu, wewe unapokwenda kulala. Saa kumi iache, unajiua bure.

#6 BibiChakeChake
Mwanangu Nesi nakuheshimu, lakini sisi tulilea bila pampasi na watoto walikuwa wakavu wakingali wadogo. Wangu wote walikauka kabla ya kuanza chuo cha Qurani. Utatuambia miili ya watoto wa zamani ilikuwa mingine?

Nikueleze tulivyofanya. Mtoto alilala ubavuni kwangu. Mtoto akibanwa hatulii: anajipinda, anasaga miguu, anaguna. Hapo nainuka, namtoa, nampigia mluzi mdogo mdomoni, anakojoa kwenye kopo, namrudisha. Saa sikuwa nayo. Nilikuwa namfuata yeye.

#7 NesiWaZamani
Shikamoo Bibi. Ulichosema sipingani nacho, na ndicho kinachokosekana kwa mleta uzi. Wewe uliamka kwa ishara ya mtoto, kibofu kimeshasema ndipo ukamtoa. Yeye anaamshwa na saa ya ukutani. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ila siwezi kukubali kwamba wote wa zamani walikauka mapema. Walioloa walifichwa na kuitwa vikojozi, ndiyo maana hatuwakumbuki.

#8 BibiChakeChake
Marahaba. La kuficha ni kweli. La mluzi sikuachii.

#9 KakaWaKimara
Basi tukubaliane pampasi ndiyo mshitakiwa. Za siku hizi zinanyonya hadi mtoto hasikii kama amelowa. Asiposikia ataamkaje?

#10 Mzaramo_Halisi
@KakaWaKimara mimi sikuvaa pampasi hata siku moja. Nililala kwenye kanga na mpira juu ya godoro la sufi, na nilikuwa nalala kwenye mkojo wangu hadi adhana ya alfajiri, baridi kama samaki wa friji, siamki. Niliendelea hivyo hadi darasa la tano. Kama kulowa kungekuwa kunaamsha, ningeamka mimi. Nilichapwa, nilibebeshwa godoro mchana mbele ya wenzangu, nikakatazwa kuchezea moto. Hakuna kilichosaidia. Siku moja tu nikaona nimeamka mkavu, kisha nyingine, kikaisha chenyewe. Baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo, nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima.

#11 Shamimu_wa_Moro
Kwa hiyo hilo la moto si kweli?? Nimewakataza wanangu kuwasha kiberiti miaka yote kwa sababu hiyo.

#12 Mzaramo_Halisi
Endelea kuwakataza, wasije wakaunguza nyumba. Kwa mkojo hakusaidii.

#13 NesiWaZamani
Alichosema Mzaramo kuhusu baba yake kina uzito kuliko pampasi. Hili linatembea kwenye damu. Mzazi mmoja akiwa naye alichelewa kukauka utotoni, mtoto ana nafasi ya karibu nusu ya kupitia njia hiyo hiyo. Wakiwa wazazi wote wawili, ni kama watoto watatu kati ya wanne. @MamaNasra, umewahi kuulizia upande wenu na upande wa mumeo?

#14 BabaEli_Nakuru
Sisi huku Nakuru tulienda tofauti kidogo, pengine itawafaa. Kijana wetu ana miaka 4. Mke wangu alisema homoni, mimi nikasema kibofu kidogo, tukabishana hadi nikaamua kupima. Nilichukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Pampasi kavu ilikuwa gramu 30. Ya asubuhi ikaja 260. Gramu moja ya mkojo ni kama mililita moja, kwa hiyo usiku alitoa mililita 230.

Daktari wa watoto alitufundisha hesabu: chukua umri, ongeza moja, zidisha kwa 30. Kwa miaka 4 inakuja 150, ndicho kiasi ambacho kibofu chake kinatazamiwa kubeba. Sasa 230 kwenye chombo cha 150 itakaaje? Hata angekuwa na usingizi wa paka, lazima imwagike au aamke. Kwa hiyo swali likawa, mkojo wote huu unatoka wapi?

Tukakumbuka uji. Saa mbili usiku alikuwa anapewa vikombe viwili vikubwa ndipo alale. Tukahamisha uji hadi saa kumi na moja jioni, usiku akala ugali na mboga na maji kidogo. Pia akojoe mara mbili kabla ya kulala: mara ya kwanza kabla ya kupiga mswaki, ya pili akiwa anaingia kitandani. Usiku mwingi pampasi ikashuka hadi kwenye gramu 140 hivi, yaani mkojo 110.

Na hapo ndipo ninapokwama. 110 inatosha kukaa kwenye kibofu cha 150. Bado analowa.

#15 KakaWaKimara
Sasa huyo akinyimwa maji kabisa kuanzia saa kumi jioni si atakauka?

#16 NesiWaZamani
Usimnyime mtoto maji, hasa joto hili la Dar. Hamisha, usinyime. Anywe vya kutosha asubuhi na mchana, jioni apunguze tu. Mtoto anayenyimwa mchana kutwa anafika usiku na kiu, anakunywa kwa pupa, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

@BabaEli_Nakuru kazi nzuri. Ile 230 ilikuwa kubwa mno, tunaanza kutilia shaka wingi wa mkojo ukizidi kiasi cha kibofu kwa karibu theluthi moja, yaani kwake ukipita 195 hivi. Umeuondoa wingi. Kilichobaki ni usikivu wa ubongo akiwa amelala, au kibofu chake kinajibana kabla hakijajaa. Mpime mchana pia: akojoe kwenye kikombe cha vipimo akiwa amebanwa hasa. Ikiwa mchana naye hatoi zaidi ya 80 au 90, basi ile 150 ya hesabu haimhusu, chombo chake ni kidogo. Ikifika 150, tafuta kwingine. Na ana miaka 4 tu, usifanye haraka.

#17 MamaPacha_Ubungo
Mbona hakuna aliyetaja choo kigumu? Wangu mmoja wa pacha alikuwa mkavu, mwingine analowa kila siku. Chakula kimoja, chumba kimoja, maji yale yale. Yule anayeloa alikuwa anaenda choo kikubwa kwa nadra, na akienda kinatoka kama kinyesi cha mbuzi, au siku nyingine kipande kikubwa hadi analia. Chupi ina madoa, nikadhani hajisafishi vizuri. Kumbe choo kimejaa nyuma na kinakibana kibofu, mkojo hauna pa kukaa. Tulipewa dawa ya kulainisha choo, nikazidisha papai na mboga za majani, na nikamwekea kigoda cha miguu chooni ili magoti yapande. Haikuwa ya siku mbili, dawa tulikwenda nayo miezi. Lakini usiku ulianza kukauka kabla hata sijamgusa kwa habari ya kuamshwa.

#18 MamaNasra
@MamaPacha_Ubungo umenishtua. Nasra naye anakaa siku tatu bila choo, nami nilidhani ni maumbile yake.

@NesiWaZamani nimemuuliza mama mkwe kama ulivyosema. Kumbe katika wale sita, mmoja alilowa hadi darasa la pili pamoja na kuamshwa kote. Ni mume wangu. Amekaa kimya sebuleni tangu lilipotajwa.

#19 Mzaramo_Halisi
Mwambie shemeji karibu kwenye chama, tuko wengi.

#20 BibiChakeChake
Msimcheke mume wa mtu mbele ya mkewe. Lakini na wale watano wengine waliamshwa na wakakauka. Hilo nalo mlihesabu?

#21 NesiWaZamani
Bibi, wangekauka hata wasingeamshwa. Kila mwaka baadhi ya wanaoloa wanaacha wenyewe bila kuguswa. Anayekuwa anafanya jambo fulani mwaka huo analipa sifa jambo hilo.

#22 BibiChakeChake
Na wewe unajuaje wangekauka? Hukuwepo.

#23 DadaWaMikocheni
Mimi nimelea watoto wa watu, nyumba nyingi, sina shahada. Nina jambo moja dogo. Kabla hamjasema mtoto ameloa "usiku", jueni ameloa saa ngapi. Nikisikia adhana ya alfajiri naingiza mkono na kugusa pampasi. Ikiwa nzito na ya baridi, alikojoa zamani, usingizi ulikuwa mzito. Ikiwa kavu hapo, kisha saa moja naikuta imejaa na ina joto, huyo hakojoi usingizini. Ameamka, amelala pale akitazama dari, na amekojoa kwa sababu pampasi ipo na hakuna anayemuuliza. Huyo haamshwi saa tano. Huyo anawahiwa. Kabla hajapewa chai, kabla ya katuni, macho yakifunguka tu anapelekwa kwenye poti. Watoto wawili niliwatoa pampasi hivyo hivyo, mama zao walikuwa wanasema hawako tayari.

Na pampasi ikiwa kavu asubuhi siku nyingi mfululizo ndipo ninapoivua. Sivui kwa sababu amefikisha umri.

#24 NesiWaZamani
Dada, nimefundisha wanafunzi miaka mingi, na hili la baridi na joto sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

#25 KakaWaKimara
Nimesikia kuna kidonge cha homoni hiyo hiyo, desmopresini. Kwa nini tuhangaike na mizani na kugusa pampasi wakati dawa ipo?

#26 NesiWaZamani
Ipo, lakini haipewi mtoto wa miaka mitatu. Ni ya wakubwa zaidi, waliovuka miaka 5 na zaidi, tena kwa daktari. Mtoto akiimeza kisha akanywa maji mengi, figo hazitoi maji, chumvi kwenye damu inashuka, anaweza kupata degedege. Anayeitumia anazuiwa vinywaji kuanzia saa moja kabla ya dawa hadi zipite saa nane baada ya kuimeza. Na ukiiacha, wengi wanarudia kuloa. Naomba msinunue duka la dawa kwa kusikia tu humu.

#27 MamaSele_Temeke
Samahani naingilia. Wangu ana miaka 6, ana selimundu, na analowa karibu kila usiku. Nimesoma hapo juu kupunguza maji jioni. Nifanye hivyo?

#28 NesiWaZamani
Hapana mama, wewe usifanye. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ushauri wangu wa #16 haukukuhusu. Kwa mtoto mwenye selimundu, figo zake mara nyingi haziwezi kukoleza mkojo, ndiyo maana anatoa mwingi na mwepesi usiku na mchana. Maji ndiyo yanamlinda na maumivu, asinyimwe saa yoyote. Kwako hata kumwamsha mara moja usiku kuna maana, kwa sababu mkojo ni mwingi kwelikweli. Mtajie daktari wake kwenye kliniki ya selimundu, na akikoroma pia sema.

#29 Shamimu_wa_Moro
Kukoroma kunaingiaje?

#30 NesiWaZamani
Mtoto mwenye nyama za puani au tezi kubwa za koo anapambana na pumzi usiku kucha. Baadhi yao wanaloa, na baadhi wanaacha baada ya kutibiwa. Baadhi, si wote. Na kwa kila mzazi: mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha ghafla akaanza kuloa, huyo ni habari nyingine. Akiwa na homa au akilia wakati wa kukojoa, apimwe mkojo. Akiwa na kiu isiyokatika na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

#31 MamaNasra
Narudi na majibu. Nimegusa alfajiri kama alivyosema Dada. Haiko upande mmoja. Siku nyingine baridi na nzito, siku nyingine kavu kisha saa moja ya moto. Siku alizopata choo kikubwa mchana, naona zile kavu zinaongezeka, ila ni mapema kusema. Saa kumi nimeiacha. Saa tano namwamsha hadi anatembea mwenyewe, na kuna usiku anakataa na kulia, namwacha alale na pampasi yake. Mama mkwe amenuna kidogo.

#32 BabaEli_Nakuru
Nami nilipima mchana. Kijana alitoa 140. Kwa hiyo chombo kipo, mkojo hauzidi, na bado analowa. Mke wangu sasa anasema ni usingizi. Yeye mwenyewe haamki hata radi ikipiga.

#33 BibiChakeChake
Mlazeni ubavuni mmsikilize anavyojipinda.

#34 Mpangaji_Mbagala
Na sisi tunaokaa nyumba ya kupanga, choo kiko uani, giza, milango sita ya watu? Wangu ana miaka 3 na nusu, akiamka hataki kutoka nje, anaogopa. Najua anaamka kwa sababu namsikia. Anakojoa hapo hapo ndani ya chandarua.

#35 DadaWaMikocheni
Huyo kibofu chake kinamwamsha, ameshinda nusu ya safari, kinachomshinda ni mlango. Weka poti ndani, karibu na kichwa chake, upande wanaolala wazazi. Chandarua usikichomeke chini ya godoro upande huo, kiache kining'inie hadi sakafuni ili anyanyue mwenyewe kisha kirudi. Taa ndogo ya sola inatosha. Jioni kukiwa bado na mwanga, fanyeni naye mazoezi: alale, ainuke, anyanyue chandarua, akae kwenye poti. Usiku mkono wake utaijua njia.

#36 Mpangaji_Mbagala
Poti ya plastiki inapiga kelele sakafuni na inateleza, jirani analalamika.

#37 DadaWaMikocheni
Tandika gunia chini yake.